Bomba Linalodondosha Maji: Mpira au Katriji?

Aina ya bomba linalodondosha maji hujulikana kwa linavyofungwa. Likizungushwa mara kadhaa hadi likaze, ndani mna mpira mdogo unaokandamiza tundu la maji. Likifunga kwa robo au nusu mzunguko na kukoma ghafla, mna katriji yenye visahani viwili vya kauri.

Kabla ya kulifungua, maji hufungwa kwenye koki kuu. Mpira uliochimbika mduara hubadilishwa peke yake, kwa gharama ndogo. Lakini kidole kipitishwe kwanza pale unapokalia: pakiwa pamelika, mpira mpya nao utavujisha upesi.

Katriji ioshwe kwanza, maana hata chembe ya mchanga huivujisha. Visahani vikiwa na mikwaruzo, katriji yote hubadilishwa. Ya zamani ipelekwe dukani, kwani vipimo hutofautiana.