Muhtasari wa Makabidhiano Mazungumzo na Akili Mnemba Yanaporefuka

Programu ya mazungumzo ya akili mnemba, kama vile ChatGPT au Claude, hutunga kila jibu kwa kuyapitia upya maandishi yaliyotangulia katika mazungumzo hayo. Kiasi inachoweza kukipitia kwa mara moja kina kikomo, na kikomo hicho huhesabiwa kwa vipande vya maneno. Kwa kawaida habari ileile ikiandikwa kwa Kiswahili hutumia vipande vingi kuliko kwa Kiingereza, hivyo nafasi hujaa mapema. Dalili zake hazijifichi: programu huuliza jambo lililokwisha kujibiwa, au hurudia kosa lililokwisha kusahihishwa.

Hapo ndipo muhtasari wa makabidhiano unapohitajika. Programu huombwa iandike hali ya kazi, mtumiaji huyasahihisha maandishi hayo, kisha huyabandika mwanzoni mwa mazungumzo mapya. Msomaji wa muhtasari huo hajui lolote lililopita. Kwa hiyo kusimulia nani alisema nini hakumsaidii. Anachohitaji ni uamuzi uliofikiwa, sababu yake, njia zilizojaribiwa zikashindikana, na hatua inayofuata.

Tuseme mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa anatengeneza jedwali la marejesho. Mkopo ni shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na kila mwezi mkopaji hurejesha shilingi 100,000 za mkopo pamoja na riba. Muhtasari ukisema tu “riba asilimia 12”, mazungumzo mapya yanaweza kukokotoa riba juu ya mkopo wote, ikawa shilingi 144,000. Kumbe chama kiliamua riba itozwe kwenye salio la kila mwezi, na kwa njia hiyo jumla ni shilingi 78,000. Maneno mawili matatu yaliyoachwa yanamtwisha mkopaji shilingi 66,000 zaidi.

Muhtasari unaofaa ungesema: “Riba ni asilimia 1 ya salio la mwanzo wa mwezi. Hesabu ya mkopo wote ilikataliwa na kamati, isirudishwe. Salio liko safu ya C, riba safu ya D. Mwezi wa kwanza riba ni 12,000, wa pili 11,000. Kinachobaki ni safu ya faini.” Fomula nayo hunakiliwa kama ilivyo, kwa sababu ikielezwa kwa maneno huweza kutoka tofauti:

```
=C2*0.01
```

Zile riba za miezi miwili ndizo kipimo. Kabla ya kuendelea na faini, mazungumzo mapya huombwa yakokotoe riba ya mwezi wa tatu. Isipokuwa 10,000, kuna kitu hakikukabidhiwa. Hata hivyo kipimo hicho hukagua hesabu tu. Programu huweza kuandika kwa uhakika kabisa kwamba jambo limeamuliwa, kumbe lilikuwa pendekezo, na kosa hilo hugunduliwa na mhasibu mwenyewe anapousoma muhtasari kabla ya kuubandika.