Menyu Iliyonyooka: Jina Kushoto, Bei Kulia

Menyu nyingi za hoteli zetu huwa nzuri kwenye kompyuta ya aliyezichapa, kisha zikafika steshenari zikavurugika. Faili likifunguliwa kwenye mashine nyingine, bei ya pilau imerudi katikati ya ukurasa, ya mishikaki imejitokeza mbele ya wenzake, na ya biriani imeangukia mstari wa chini. Hapo hulaumiwa printa au kijana wa steshenari. Lakini mara nyingi tatizo lilianza zamani, pale mchapaji alipobonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini au thelathini kuisukuma kila bei mpaka akaona imefika ukingoni.

Enzi za taipureta mbinu hiyo ilifaa, kwa sababu kila herufi ilichukua upana uleule. Kwenye fonti tunazotumia leo, “i” ni nyembamba na “m” ni nene, kwa hiyo “Mishikaki” na “Maini rosti”, hata zikijaziwa nafasi kwa hesabu ileile ya vibonyezo, hazifiki pamoja. Mchapaji hulazimika kukadiria kwa macho, na makadirio yake ni sahihi kwa fonti ile na saizi ile tu. Kompyuta ya steshenari ikiwa haina fonti hiyo, inaweka nyingine, upana wa herufi unabadilika, na kila bei inahama kivyake.

Kituo cha kulia

Dawa yake ni kutoisukuma bei kabisa. Unaiwekea kituo ukingoni mwa kulia, kisha kati ya jina la chakula na bei unabonyeza kitufe cha Tab mara moja tu. Bei inaruka mpaka kituoni, na kila tarakimu unayoichapa inajipanga kuelekea kushoto, kiasi kwamba mwisho wa bei zote unasimama kwenye mstari mmoja.

Tuchukue karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21. Ukiacha pambizo ya sentimita 2 kila upande, unabaki na 17 za kuandikia, hivyo kituo kinakaa kwenye 17. Katika Microsoft Word, fungua dirisha la `Paragraph`, bonyeza `Tabs`, andika `17 cm`, chagua `Right`, kisha `Set` na `OK`. Katika LibreOffice Writer njia ni `Format`, `Paragraph`, halafu ukurasa wa `Tabs`. Mistari yenyewe huchapwa hivi, mshale ukionyesha mahali pa kubonyeza Tab:

```
WALI NA PILAU
Pilau ya ng'ombe→7,000
Bizari nzima na mdalasini, nyama ya mifupa, kachumbari
Biriani ya kuku→12,000
Ijumaa na Jumapili tu
Wali wa nazi→2,500
```

Kuna jambo moja la kwetu linaloharibu safu hii hata kituo kikiwa sahihi, nalo ni alama ya “/=”. Kituo hupanga mwisho wa maandishi, si mwisho wa tarakimu. Bei moja ikiandikwa “7,000/=” na ya pili “12,000”, zinazolingana ni “/=” ya kwanza na sifuri ya pili, na maelfu hayasimami tena chini ya maelfu. Ama uiweke kila mahali, ama uiondoe kabisa na kuandika mara moja juu ya ukurasa: “Bei zote ni kwa shilingi.” Njia ya pili inasomeka vizuri zaidi. Angalia pia tarakimu za fonti uliyoichagua. Georgia, kwa mfano, ina tarakimu zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo. Ndani ya sentensi zinapendeza, lakini kwenye safu ya bei zinaonekana zinayumba. Times New Roman na Calibri zina tarakimu zilizolingana kimo na upana.

Mitindo mitatu

Katika mfano ule kuna mistari ya aina tatu: kichwa cha sehemu, jina la chakula na bei yake, na maelezo. Kila aina itengenezewe mtindo wake kwenye `Styles`, badala ya kukoleza na kupunguza saizi mstari mmoja baada ya mwingine. Vipimo vinavyofanya kazi kwenye A4 ni kichwa saizi 16, jina saizi 12 la herufi nene, na maelezo saizi 10 za kawaida. Herufi za mlalo kwa maelezo ni mazoea ya wengi, ila ukumbini usiku, taa zikiwa hafifu, saizi 10 iliyolala humsumbua mteja mwenye miwani.

Kituo cha bei kiwekwe ndani ya mtindo wa jina, si kwenye mstari mmoja mmoja. Maelezo nayo yaingizwe ndani sentimita 4 kutoka kulia, kwenye `Indentation`, `Right`. Bila hivyo, maelezo marefu yatatambaa mpaka chini ya bei na kuziba ile nafasi nyeupe inayoifanya safu ionekane kwa mbali.

Nafasi kati ya chakula na chakula huwakosesha wengi. Ukiiweka baada ya maelezo, vyakula visivyo na maelezo, kama wali wa nazi au chapati, vitabanana na kinachofuata. Iweke kabla ya jina, pointi 8, na baada ya jina na maelezo weka sifuri. Kwa njia hiyo mwachano ni uleule, chakula kiwe na maelezo au kisiwe nayo. Mwisho, kwenye mitindo ya kichwa na jina washa `Keep with next`, ili jina lisibaki chini ya ukurasa huku maelezo yake yakianzia ukurasa wa pili.

Majina marefu na bei zaidi ya moja

Kituo kina ukomo wake. Jina likiwa refu mpaka likafika eneo la bei, bei haina pa kukaa na inarukia mstari wa chini. “Samaki changu wa kupaka kwa tui zito la nazi na wali” si jina, ni jina lililomezwa na maelezo yake. Andika “Changu wa kupaka” na bei, kisha chini yake: “Amechomwa kwa mkaa, tui zito la nazi na ukwaju, kwa wali au chapati.” Maelezo yamjibu mteja kile ambacho angemuuliza mhudumu: kimepikwaje, kinakuja na nini, kina pilipili au karanga? Maneno kama “kitamu sana” hayamjibu lolote. Mstari mmoja unatosha, miwili ikizidi.

Kuku anayeuzwa robo, nusu na mzima anahitaji vituo vitatu vya kulia, tuseme kwenye sentimita 11, 14 na 17. Hapa tengeneza mtindo wa pili wa jina, na mstari wa juu wenye maneno “Robo”, “Nusu” na “Mzima” utumie vituo hivyohivyo, ili kila neno lisimame juu ya bei zake. Samaki wa kupimwa kwenye mizani usimwachie pengo. Andika bei ya kilo na neno “kwa kilo” kwenye maelezo, la sivyo mteja atadhani hiyo ndiyo bei ya sahani.

Umbali kati ya jina na bei

Sentimita 17 ni safari ndefu kwa jicho. Jina fupi kama “Chai” linabaki kushoto kabisa, bei yake iko upande wa pili, na mteja anaweza kuikamata bei ya mstari wa juu au wa chini. Watu hutia nukta za kuongoza jicho, na kituo kinaweza kuzitia chenyewe kupitia `Leader`. Usizichape kwa mkono, maana zitavurugika kama nafasi zilivyovurugika. Lakini nukta zikiwa nyingi, ukurasa unajaa vumbi. Mara nyingi ni afadhali kuifupisha safari yenyewe: gawa ukurasa safu mbili za sentimita 8 zenye mwachano wa sentimita 1 katikati, na kituo kiwe kwenye 8. Kipimo huhesabiwa kutoka ukingo wa kushoto wa kila safu, kwa hiyo mtindo mmoja unahudumia safu zote mbili. Majina ndiyo yatakayolazimika kuwa mafupi, na sentimita 4 za maelezo zishuke kuwa 2.

Wapo wanaoipinga safu ya bei yenyewe. Hoja yao ni kwamba bei zikisimama mstari mmoja, mteja huzisoma kabla ya vyakula na kuchagua iliyo chini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walijaribu namna tofauti za kuandika bei katika mgahawa mmoja wa mafunzo ya upishi. Waliopewa menyu yenye tarakimu tupu, bila alama ya dola wala neno “dola”, walitumia fedha zaidi. Ndiyo maana migahawa ya bei kubwa huiweka bei mwishoni mwa maelezo kwa herufi zilezile. Kwa hoteli ya mchana, ambako mfanyakazi ameingia na elfu nane mfukoni na nusu saa ya mapumziko, kumficha bei ni kumchelewesha yeye na foleni iliyo nyuma yake. Mwache aione. Ila usivipange vyakula kutoka bei ya chini kwenda ya juu, kwa maana hapo sehemu nzima inageuka ngazi ya bei. Tanguliza kile ambacho jiko lako linakipika vizuri na hakikosekani.

Kuirekebisha menyu ya zamani

Kama tayari una faili, washa alama zilizofichwa: `Ctrl+Shift+8` katika Word, `Ctrl+F10` katika Writer. Tab huonekana kama mshale, nafasi kama nukta ndogo. Ukiona msururu wa nukta kabla ya bei, ndipo penye ugonjwa. Katika Word fungua `Replace`, tafuta nafasi mbili na uweke `^t` badala yake. Kisha tafuta `^t^t` uweke `^t`, ukirudia mpaka kusiwe na kilichobaki. Mistari yote sasa ina Tab mojamoja, na ukiipa mtindo wenye kituo, bei zinajipanga zenyewe.

Bei ya mchele ikipanda mwezi ujao, utabadilisha tarakimu tu: 7,000 ikawa 7,500, hata 9,500 ikawa 10,000, na ukingo hautacheza. Faili la kwenda steshenari liwe PDF, kwa kuwa kwa kawaida hubeba fonti zake ndani. Na kabla hujalipia nakala na laminesheni, chapisha moja. Mhudumu asome kila jina na bei kwa sauti, mpishi akifuatisha kwenye orodha ya jikoni. Safu iliyonyooka huyapendezesha hata makosa, na sifuri iliyopungua haitaonekana kwa macho ya harakaharaka.