Hisa Ipi Inaongoza Soko?

Mwaka 2022 uliwatesa wenye hisa nchini Marekani. Fahirisi ya S&P 500, kipimo kinachoonyesha mwenendo wa jumla wa kampuni kubwa zipatazo 500, ilifunga mwaka 2021 ikiwa 4,766.18, na mwaka mmoja baadaye ikafunga kwa 3,839.50. Karibu moja ya tano ya thamani ilikuwa imeyeyuka. Ndani ya soko hilohilo, hisa ya kampuni ya mafuta ya Exxon Mobil ilipanda kutoka dola 61.19 hadi 110.30, wakati hisa ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, iliporomoka kutoka dola 336.35 hadi 120.34.

Baada ya mwaka kwisha ni rahisi kusema ipi ilistahili kununuliwa. Swali la mwekezaji ni kama tofauti hiyo ingeonekana mapema, wakati fedha bado zimo mfukoni. Chombo kimoja cha kuionyesha ni mstari wa nguvu linganishi, na hesabu yake haimshindi mtu aliyemaliza darasa la saba. Unachukua bei ya kufunga ya hisa, unaigawa kwa fahirisi ya siku hiyohiyo, kisha unazidisha kwa 1,000 ili desimali zisisumbue macho. Ukiwa na jedwali la kompyuta lenye bei katika safu ya B na fahirisi katika safu ya C, unaandika hivi:

```
=B2/C2*1000
```

Ukirudia kwa kila siku au kila wiki na kuchora majibu, unapata mstari. Ukipanda, hisa inaishinda fahirisi. Ukishuka, inashindwa nayo. Usiuchanganye na kipimo kinachosomeka RSI kwenye programu za chati. Hicho kilitungwa na Welles Wilder mwaka 1978, nacho hulinganisha hisa na mwendo wake yenyewe wa siku zilizopita bila kuigusa fahirisi.

Turudi kwa kampuni zetu mbili. Mwishoni mwa 2021 mstari wa Exxon ulikuwa 12.84 na wa Meta 70.57. Namba hizo hazimaanishi kwamba Meta ilikuwa na nguvu zaidi. Bei ya hisa moja ya Meta ilikuwa kubwa, basi. Kinachosomwa ni mwelekeo, kwa hiyo ni vizuri kuanzia wote wawili kwenye 100. Kufikia mwisho wa 2022, Exxon ilikuwa 224 na Meta 44.

Dalili hazikungoja Desemba. Tarehe 3 Februari 2022 Meta ilipoteza asilimia 26 kwa siku moja, baada ya kutoa taarifa ya mapato iliyowavunja moyo wawekezaji. Mwezi huohuo Urusi iliivamia Ukraine, na bei ya mafuta, ambayo tayari ilikuwa inapanda, ikaruka zaidi. Mistari miwili ilikuwa inaachana mapema kabisa mwakani, na iliendelea kuachana kwa miezi. Huendelea hivyo kwa sababu mifuko mikubwa ya uwekezaji haiwezi kununua au kuuza kiasi inachotaka kwa siku moja bila kuivuruga bei. Hununua kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na katika siku ambazo soko lote linashuka, manunuzi hayo ndiyo huizuia hisa isianguke na wenzake. Ndiyo maana siku mbaya za soko hufundisha zaidi kuliko siku njema: wakati kila kitu kinapanda, hata hisa dhaifu huonekana nzima.

Mwenendo huu umechunguzwa na wasomi pia. Mwaka 1993 Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman walichapisha utafiti wa hisa za Marekani za miaka ya 1965 hadi 1989. Walikuta kwamba zilizofanya vizuri katika miezi 3 hadi 12 iliyopita ziliendelea, kwa wastani, kuzishinda zilizofanya vibaya katika miezi michache iliyofuata. Wao walizipanga hisa kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe badala ya kutumia fahirisi, lakini wazo ni lilelile. Neno la kushika hapo ni wastani, maana hisa moja moja inaweza kukugeuka.

Na Meta iligeuka. Tarehe 12 Oktoba 2022 S&P 500 ilifunga kwa 3,577.03, chini kabisa kwa mwaka ule, kisha ikaanza kuinuka. Meta haikuifuata. Tarehe 27 Oktoba ilianguka tena kwa karibu robo, na tarehe 3 Novemba ikafunga kwa dola 88.91, huku fahirisi ikiwa imeshapanda hadi 3,719.89. Mstari ulikuwa unasema hii ni miongoni mwa hisa dhaifu kupindukia sokoni. Kumbe siku ile ndiyo ilikuwa bei yake ya chini kabisa ya kufunga kwa mwaka ule. Aliyenunua hapo alipata faida ambayo mstari usingempa kamwe.

Sioni kama hilo linauondolea mstari thamani. Kazi yake si kutabiri sakafu, kwani unaeleza kilichokwisha kuanza. Tarehe 2 Februari 2023 Meta iliruka asilimia 23 na kufunga kwa dola 188.77. Mstari, uliomaliza 2022 kwenye 31.34, sasa ulikuwa 45.16. Mtu aliyeona umegeuka, akanunua siku hiyo kwa bei iliyokwisha kupanda mara mbili kutoka chini, alimaliza mwaka hisa ikiwa dola 353.96.

Exxon nayo ina funzo lake. Mwaka 2023 bei yake ilishuka kutoka 110.30 hadi 99.98, kama asilimia 9. Mwenye hisa angeweza kujiambia kwamba hasara ni ndogo na kampuni ni imara. Lakini fahirisi ilipanda asilimia 24 mwaka huo, kwa hiyo mstari wa Exxon ulianguka kwa asilimia 27. Kinara wa 2022 alikuwa amebaki nyuma. Ili kuona mabadiliko ya namna hiyo, wengi huchora pia wastani wa mstari wa wiki 52, kisha wanaangalia kama mstari uko juu yake au umeuvuka kwenda chini.

Mstari wa bei hauhesabu gawio, kwa hiyo kampuni inayogawa faida nyingi huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Hisa zikigawanywa au za bonasi zikitolewa, bei za nyuma lazima zirekebishwe, la sivyo utaona anguko ambalo halikutokea.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi kuna tahadhari nzito zaidi. Katika soko la Dar es Salaam, fahirisi ya DSEI inajumuisha pia kampuni za nje zilizoorodheshwa hapo, kama KCB ya Kenya. Mwenye CRDB anayetaka kujua hali yake miongoni mwa kampuni za nyumbani alinganishe na TSI, inayohesabu kampuni za ndani tu. Nairobi, Safaricom ina uzito mkubwa sana ndani ya fahirisi ya NASI, kiasi kwamba kuilinganisha nayo ni kama kuipima kwa sehemu yake yenyewe. Tena, hisa nyingi za masoko yetu hupita siku kadhaa bila kuuzwa hata moja. Bei inasimama, fahirisi inashuka, na mstari unapanda ingawa hakuna aliyenunua. Kabla ya kuamini mstari unaopanda, tazama kwanza idadi ya hisa zilizouzwa wiki hiyo. Kama ni chache mno, uache.