Kisukari Si Tatizo la Lishe

Mzee wa miaka 67 anaingia kwa afisa lishe, mkanda wake umetobolewa tundu jipya ili suruali isidondoke. Miezi mitatu iliyopita aligundulika na kisukari, akaanzishiwa vidonge. Siku ile alikuwa na kilo 62. Leo ana 56. Afisa lishe, kijana aliyetoka chuo majuzi, anafungua faili na kuandika: "Kisukari kutokana na sukari kuwa juu, kama inavyothibitishwa na mgonjwa kudhoofika." Kisha anampa karatasi ya kupunguza wanga.

Kisa hiki ni cha mfano, ila sentensi ile ina makosa matatu ambayo wanaojifunza kazi hii huyafanya sana.

Mtindo wenyewe ulienea baada ya chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kupitisha hatua rasmi za kumhudumia mgonjwa mwaka 2003. Kwa Kiingereza hufupishwa PES: tatizo, chanzo, dalili. Sentensi ni moja tu. Tatizo huunganishwa na chanzo kwa maneno "kutokana na", na chanzo huunganishwa na dalili kwa "kama inavyothibitishwa na".

Kosa la kwanza ni kuweka ugonjwa mahali pa tatizo. Kisukari ni utambuzi wa daktari, naye ndiye mwenye dawa yake. Tatizo la lishe ni lile ambalo afisa lishe mwenyewe anaweza kulitibu, na mara nyingi liko kwenye ulaji: mtu anakula kidogo mno, anakula kupita kiasi, au anakosa kirutubishi fulani. Ili kulijua, kijana alipaswa kumuuliza mzee alikula nini jana. Angejibiwa: asubuhi chai bila sukari na yai la kuchemsha, mchana mchicha na kipande cha samaki, usiku tango na chai tena. Hapo hapazidi sana kilokalori 700. Kwa makadirio ya kilokalori 25 kwa kila kilo, mtu aliyekuwa na kilo 62 huhitaji kama 1,550 kwa siku. Mzee anashinda na njaa, na karatasi ya kupunguza wanga inamwongezea njaa hiyo.

Kosa la pili ni chanzo kinachorudia tatizo kwa maneno mengine. "Kisukari kutokana na sukari kuwa juu" ni sawa na kusema mvua inanyesha kwa sababu kuna mvua. Dawa yake ni kuuliza kwa nini, na kuuliza tena. Kwa nini mzee hali? Ameacha ugali na wali. Kwa nini ameacha? Jirani alimwambia mwenye kisukari akigusa wanga atakatwa mguu. Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu imani hiyo inaweza kurekebishwa kwa mazungumzo na sahani ya mfano. Angeandika "kutokana na uzee", asingekuwa na la kufanya, maana uzee hautibiki. Angeandika "kutokana na ukaidi", angemtukana mtu aliyetii ushauri kupita kiasi.

Kosa la tatu ni dalili isiyopimika. "Kudhoofika" kwa jicho la huyu si kudhoofika kwa jicho la yule. Kilo sita kati ya 62 ni karibu asilimia 10, na kwa miezi mitatu upungufu unaozidi asilimia 7.5 huhesabiwa kuwa mkubwa. Dalili pia ithibitishe tatizo lile lile lililoandikwa. Kipimo cha sukari ya damu hakiwezi kuthibitisha kwamba mtu anakula kidogo.

Sentensi iliyosahihishwa inasomeka hivi: "Ulaji wa nishati usiotosha, kutokana na imani kwamba mwenye kisukari hapaswi kula wanga kabisa, kama inavyothibitishwa na ulaji wa takriban kilokalori 700 kati ya 1,550 zinazohitajika, na kupungua kilo 6 kwa miezi mitatu."

Sentensi hiyo haibebi kila kitu. Uzito hupungua pia sukari inapokuwa juu mno, au kwa ugonjwa mwingine, kwa hiyo vipimo vya daktari vinahitajika bado. Na mzee akisema hutetemeka alfajiri, huenda vidonge vinashusha sukari kupita kiasi kwa mtu asiyekula. Hilo hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, lisingoje sentensi.

Sentensi ikikamilika, ijaribuni hivi: chanzo kionyeshe matibabu, dalili zionyeshe cha kupima baadaye. Hapa matibabu ni kumfundisha mzee kiasi cha ugali kinachomfaa, si kumkataza. Akirudi baada ya wiki mbili, atapandishwa kwenye mizani na kuulizwa alikula nini jana.