Picha ya nyoka aliyeingia nyumbani: Inachoonyesha na isichoonyesha

Siku hizi nyoka anapoingia nyumbani, simu hutolewa mfukoni kabla ya fimbo kutafutwa. Picha hupigwa, hutumwa kwa jirani au kwenye kundi la kijiji, na swali huwa lile lile: je, huyu ana sumu? Picha nzuri inaweza kujibu swali hilo, lakini alama ambazo watu wengi huzitazama kwanza ndizo zinazopotosha zaidi.

Katika Kaunti ya Kilifi swali hili si dogo. Pwani ina bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu, ina koboko, na ina swila mkubwa wa kahawia anayetema sumu. Wanasayansi walimtenga swila huyo kama aina yake mwaka wa 2007, wakampa jina la marehemu James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Nyoka hao wanaishi pamoja na wengine wengi wasio na madhara kwa binadamu.

Alama mbili zisizoaminika

Wengi wameambiwa kwamba nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ana sumu, na mwenye kichwa chembamba hana. Kanuni hiyo inamfaa bafe, ambaye kichwa chake ni kipana kuliko shingo. Lakini swila na koboko wana vichwa vyembamba vinavyoungana na shingo bila tofauti kubwa. Anayefuata kanuni hii atawaona kuwa salama nyoka wawili kati ya wale wa kuogopwa zaidi. Swila pia hapanui shingo kila wakati; akiwa ametulia au anatambaa, shingo yake ni kama ya nyoka mwingine yeyote.

Kanuni ya pili husema kwamba mboni ya jicho iliyosimama kama mstari ni dalili ya sumu. Hapa nchini mambo mara nyingi huwa kinyume. Swila na koboko wana mboni za mviringo, ilhali nyoka wa kahawia wa nyumbani, ambaye hana sumu, ana mboni iliyosimama. Tena, aliye karibu kiasi cha kuona mboni ya nyoka tayari amesogea mno.

Mfano wa picha moja

Tuseme picha imepigwa saa tatu usiku jikoni, na inaonyesha nyoka wa kahawia kando ya kizingiti cha mlango. Rangi peke yake haisaidii, kwa kuwa bafe mchanga, swila mchanga na nyoka wa nyumbani wote wanaweza kuonekana wa kahawia.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Mlango una upana wa sentimita 90 hivi, na nyoka amefika nusu yake, kwa hiyo ana takriban sentimita 45. Jambo la pili ni umbo. Mwili ni mwembamba kama kidole na mkia unapungua polepole. Bafe wa urefu huo angekuwa mnene na mkia wake mfupi. Jambo la tatu ni ngozi. Magamba ya huyu ni laini na yanang'aa, na mgongo hauna michoro. Bafe ana magamba makavu yasiyong'aa, na mgongoni ana alama zinazofanana na herufi V, moja baada ya nyingine, kutoka shingoni hadi mkiani.

Hadi hapo bafe ameondolewa, lakini swila bado yumo, kwa sababu naye ana mwili laini usio na michoro hiyo. Kinachowatofautisha ni kichwa. Nyoka wa nyumbani ana mistari miwili myeupe au ya manjano hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Swila hana mistari hiyo. Ikiwa picha inaionyesha wazi, pamoja na alama nyingine zilizotajwa, huyu ni nyoka wa nyumbani, aliyeingia kutafuta panya au mijusi.

Ikiwa kichwa kimefichwa nyuma ya debe, au picha ina ukungu, jibu haliwezi kupatikana. Mistari hiyo pia hufifia kwa baadhi ya nyoka wakubwa. Katika hali hizo nyoka huchukuliwa kuwa na sumu hadi mjuzi aseme vinginevyo.

Kupiga picha bila kuhatarisha maisha

Swila hutema sumu na kufikia macho ya mtu aliye mita mbili hadi tatu. Kwa sababu hiyo simama angalau mita tano, na uvute picha kwa simu badala ya kusogea. Piga picha kadhaa: moja ya mwili mzima, moja ya upande wa kichwa, na moja ya mgongo. Usiweke mkono wala kiatu karibu naye ili kuonyesha ukubwa. Kigae, tofali au mlango uliopo unatosha. Unapotuma, andika mahali, saa na makadirio ya urefu.

Usimshike hata akionekana mdogo. Yuko nyoka mdogo mweusi anayeishi ardhini ambaye meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo. Anayemshika nyuma ya kichwa huumwa hivyo hivyo. Nyoka aliyeuawa pia asiguswe, kwani kichwa chake kinaweza kuuma baada ya kufa.

Picha ikishapigwa, watoe watoto na wanyama nje, fungua mlango wa nje, mtu mzima mmoja amwangalie kutoka mbali, na piga simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au kwa mtaalamu wa kuondoa nyoka.

Mtu akiumwa, picha si ya lazima

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Familia humtafuta nyoka gizani ili wapate picha au wampeleke hospitalini, na mara nyingine mtu wa pili huumwa. Daktari hutibu kwa kufuata dalili: uvimbe unaopanda, kope zinazolegea, kupumua kwa shida, au damu isiyoganda. Kipimo kimoja cha damu huhitaji chupa safi kavu ya kioo na dakika 20 tu. Picha ikiwapo itasaidia; isipokuwapo, matibabu yanaendelea.

Mtoe mgonjwa karibu na nyoka, mvue pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe, na utulize kiungo kilichoumwa kwa ubao au kitambaa kisichobana. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba, wala usisubiri jiwe jeusi lifanye kazi. Akisafirishwa kwa bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Piga simu mbele ili kuuliza kituo kipi kina dawa ya kukabili sumu. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, kisha apelekwe hospitalini.

Hata picha ikionyesha nyoka asiye na sumu, aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyetambua picha anaweza kukosea, na dalili za sumu nyingine huchukua saa kadhaa kujitokeza.