Kitenzi Kisaidizi 'do' katika Maswali ya Kiingereza

Makala hii yakusudia kueleza kwa nini kisaidizi 'do' hutokea katika swali la moja kwa moja la Kiingereza, kisha hutoweka swali hilo liwekwapo ndani ya sentensi nyingine.

Kwa kawaida Kiingereza huunda swali kwa kukivusha kisaidizi mbele ya kiima: 'Juma can swim' huwa 'Can Juma swim?' Lakini 'Juma lives in Nakuru' haina kisaidizi, na katika Kiingereza cha leo kitenzi kama 'live' hakiwezi kumvuka Juma. Kinachovuka ni alama ya wakati na nafsi, yaani '-s'. Kwa kuwa alama haisimami peke yake, 'do' huletwa ili kuibeba: 'Does Juma live in Nakuru?' Msingi wa maelezo haya ni uchambuzi alioutoa Noam Chomsky mwaka 1957. Nayo yatuonyesha kosa la 'Does Juma lives?': alama moja imetiwa mara mbili.

Sasa tutazame 'I wonder whether Juma lives in Nakuru'. Nafasi ambayo kisaidizi kingeivukia imekwisha kukaliwa na 'whether'. Basi '-s' yasalia kwenye kitenzi chake, na 'do' haina mzigo wa kubeba. Ushahidi twaupata katika Kiingereza cha Ayalandi, ambako husemwa 'I asked did Juma know', lakini hakusemwi 'I asked whether did Juma know'. Vitu viwili havikai mahali pamoja.

Katika 'I know where Juma lives' hakuna 'whether', hata hivyo kisaidizi hakivuki. Hapa hoja ya nafasi haitoshi. Yatubidi kuongeza kwamba kishazi hiki ni yambwa ya 'know', na kwamba Kiingereza sanifu huuweka mvuko huo kwa sentensi kuu.

Mwanafunzi wa Kiswahili husema mara nyingi, 'Tell me where does Juma live'. Kosa hili halitokani na mpangilio wa maneno ya Kiswahili, kwani Kiswahili hakivushi kisaidizi kamwe. Latokana na jambo jingine: 'Juma anakaa wapi?' huingia bila kubadilika katika 'Niambie Juma anakaa wapi'. Mwanafunzi hulichukua swali la Kiingereza zima zima vivyo hivyo. Tena 'Who lives here?' humthibitishia dhana yake, maana katika 'I know who lives here' umbo halibadiliki; kiulizi chenyewe ndicho kiima.

Kwa hiyo mwalimu na aanze na jozi yenye kiima tofauti na kiulizi, kisha amwulize mwanafunzi: '-s' iko wapi? Katika 'Where does Juma live?' imo katika 'does'. Katika 'I know where Juma lives' imerudi kwenye kitenzi.