Kapu la Zawadi kwa Rafiki Asiyekula Kila Kitu

Desemba moja nilimpelekea shoga yangu kapu la Krismasi lililofungwa tayari dukani, kwa nailoni na utepe mwekundu. Alinipokea vizuri mlangoni, akalizungusha kapu taratibu akitazama vilivyomo kupitia ile nailoni, kisha akaliweka chini barazani. Hakuliingiza ndani.

“Nisamehe, dada,” akasema. “Humu mna kashata.”

Ana mzio mkali wa karanga na korosho, na hilo nalijua tangu tukiwa shule. Dukani niliangalia juu juu, nikaona hamna mfuko wa korosho, nikaridhika. Kashata zilikuwa chini ya biskuti, kwenye mfuko mwepesi uliopasuka pembeni, na chenga zake zilishaenea kwenye makopo yote. Kwa wengine chenga hizo ni uchafu wa kupangusa. Kwake zinaweza kuleta midomo kuvimba, mabaka ya kuwasha mwilini na kifua kubana, yote ndani ya dakika chache. Hapo tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini na kukimbizwa hospitali, kwa sababu vidonge vya kawaida vya mzio havizuii koo kuziba.

Tangu siku hiyo makapu nayapanga mwenyewe. Ninaye pia rafiki mwingine ambaye ni vigani, yaani hali chochote kinachotokana na mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Mwanzoni nilidhani kapu moja lingewafaa wote wawili. Haliwezi. Jibini na krimu za vigani mara nyingi hutengenezwa kwa korosho au lozi badala ya maziwa, kwa hiyo zawadi nzuri kabisa kwa mmoja inaweza kumlaza mwenzake hospitali.

Kwa rafiki vigani, kazi kubwa ni kujua chakula kimetengenezwa kwa nini. Samli ndiyo inayojificha zaidi katika vyakula vyetu: imo kwenye halua, na mara nyingi kwenye visheti. Peremende laini za kutafuna huwa na jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwenye orodha ya viambato tafuta pia E120, rangi nyekundu itokanayo na wadudu, na E901, ambayo ni nta ya nyuki. Halafu kuna kile kitone cha kijani ndani ya kisanduku kwenye pakiti za vitafunio kutoka India. Wengi hukiona wakadhani kazi imekwisha. Kitone hicho kinamaanisha hamna nyama wala mayai. Maziwa, samli na asali vinaruhusiwa.

Kwa mwenye mzio, orodha ya viambato ni mwanzo tu. Inabidi ujue chakula kimepita wapi. Hili nilielewa vizuri Kariakoo, nilipokuwa nanunua ufuta kwenye meza yenye magunia manne: karanga, ufuta, choroko na mbegu za maboga. Muuzaji alichota karanga za mteja aliyenitangulia, akakung’uta kopo mara moja pembeni ya gunia, akalizamisha kwenye ufuta wangu. Nilipomwuliza kama ana kopo jingine alishangaa kweli. “Vyote vikavu, mama,” akanijibu. Hakuwa na kosa. Kwa mteja wa kawaida kopo hilo ni safi. Ila kwa ajili ya lile kapu, siku hiyo niliacha kununua chochote cha kupimwa kwa kopo.

Viwandani nako kuna kopo lao. Mashine za chokoleti hazioshwi ovyo kwa maji, kwa kuwa unyevu huharibu chokoleti, hivyo mara nyingi husafishwa kwa kupitisha chokoleti mpya isukume ile ya zamani. Kama asubuhi ilipita chokoleti ya maziwa au ya karanga, mabaki kidogo huingia kwenye chokoleti nyeusi ya mchana. Ndiyo maana chokoleti nyeusi isiyo na maziwa kwenye orodha yake humfaa rafiki yangu vigani, lakini mwenye mzio wa maziwa haifai kuigusa bila uhakika kutoka kwa mtengenezaji. Onyo la kwamba bidhaa “huenda ina chembe” za karanga au maziwa ni la hiari katika nchi nyingi. Likiwepo, liamini. Lisipokuwepo, bado hujaambiwa kitu.

Viungo vya kusaga nilikuwa siviogopi, mpaka niliposoma yaliyotokea Marekani mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015: bidhaa nyingi ziliondolewa madukani baada ya bizari nyembamba ya unga kukutwa na protini ya karanga. Unga hauonyeshi kilichochanganywa ndani yake. Bizari nzima unaiona punje kwa punje.

Kabla ya kununua chochote, mpigie. Najua wengi tunapenda zawadi iwe ya kushtukiza, lakini shoga yangu aliniambia kuulizwa kulimpa raha kuliko kapu lenyewe. Mwulize ni chakula kipi hasa, kwa sababu karanga ni jamii ya kunde na korosho ni kitu kingine kabisa. Wapo wanaodhurika na kimoja tu. Mwulize kama anakula bidhaa yenye lile onyo la chembe. Mwulize pia kama chakula hicho kinaweza hata kuingia nyumbani kwake, maana pengine mwenye mzio ni mwanawe wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni.

Kapu nililompelekea mwaka uliofuata lilikuwa na nanasi, mapasheni kumi na nazi mbili nzima, baada ya yeye kuthibitisha kwamba nazi anakula. Tunda lenye ganda lake ni rahisi kulihakikisha: linaoshwa, linamenywa, na ndani hakuna aliyetia mkono. Niliongeza majani ya chai na kahawa ya Kilimanjaro katika pakiti za kiwandani ambazo hazijafunguliwa, pamoja na karafuu, iliki na mdalasini, vyote vizima na vyenye anwani ya mfungaji. Mmoja wa wafungaji nilimpigia simu. Akaniambia bila kusita kwamba wanafunga pia karanga za kukaanga kwenye meza ileile, na iliki yake nikairudisha. Tende nilichukua zile nzima ambazo hazikutiwa lozi ndani, zenye orodha ya viambato nje ya boksi.

Sikuhamishia kitu kwenye chupa za mapambo, ingawa zinapendeza, kwa sababu lebo ndiyo anayoitegemea. Kwa sababu hiyohiyo sinunui vile vipakiti vidogo vinavyotolewa kwenye boksi kubwa na kuuzwa kimoja kimoja: orodha imebaki kwenye boksi. Kapu lilikuwa jipya la ukindu, si lile la sokoni. Meza niliipangusa kwa maji ya sabuni na mikono nikanawa vilevile, kwa kuwa dawa ya spiriti ya kutakasa mikono huua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga.

Alilifungulia sebuleni. Alisoma kila lebo, kitu kimoja baada ya kingine, akichukua muda wake, nami nikakaa kimya nikimsubiri. Alipofika kwenye tende akasoma mara mbili, akageuza boksi upande wa pili, kisha akapasua nailoni na kumwita mwanawe.